Anti wa Upande Gani

Watu wa Sirisia walifika Kitale saa tano, wakiwa tisa katika magari mawili. Wakapokelewa sebuleni kwa soda na karanga. Walikuja kujitambulisha, maana kijana wao Hesbon alikuwa amempata Peris, na Peris alikuwa amekubali. Babake Peris alifariki miaka sita iliyopita, kwa hiyo mwenyeji wa siku hiyo alikuwa baba mdogo. Pembeni yake aliketi Nelima, dadake marehemu, aliyetoka Matulo alfajiri ili afike mapema. Mamake Peris, Phelista, alikuwa jikoni. Kwao mama mkwe hakai chumba kimoja na mkwe wake mtarajiwa, na Phelista hakuwa mtu wa kuvunja heshima siku kama hiyo.

Peris aliitwa aje awasalimu wageni. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, na duka lake mwenyewe la agroveti, la pembejeo na dawa za mifugo, mjini. Alizoea kuongea na wakulima wa kila aina, lakini wageni hawa walikuwa wa aina nyingine. Akasalimia mmoja mmoja akiwa ameinama, hadi akafika kwa mwanamke mfupi aliyevaa kitenge cha kijani. Akasimama.

"Anti Nanyama?"

"Peris?" mwanamke yule alisema. "Kumbe huyu msichana wanayemsema ni wewe?"

Nanyama aliishi Lwakhakha, mpakani, akiuza nguo. Tangu mumewe afariki alikuwa hafiki Kitale mara nyingi. Aliambiwa tu kwamba mtoto wa kaka yake anaoa Kitale, na nyumba hii ya baba mdogo hakuwa ameiona kabla.

"Mnajuana?" aliuliza mzee Wabwile, baba mkubwa wa Hesbon na msemaji wa wageni.

"Ni anti yangu," alisema Peris, akitabasamu.

"Lakini ni anti yangu mimi," Hesbon alisema.

Tabasamu la Peris likaganda. Mzee Wabwile aliweka soda yake mezani polepole.

"Kama mko na anti mmoja, nyinyi ni ndugu," alisema. "Sisi hatuozi ndugu. Heri tumejua leo."

"Ngojeni nieleze," alisema Nanyama. "Mimi kwa Hesbon ni dada ya baba yake. Kwa Peris, niliolewa tu. Marehemu Khaemba, mume wangu, alikuwa kaka ya mama yake."

Peris alivuta pumzi, akadhani mambo yameisha. Lakini mzee alitikisa kichwa.

"Na huyo binti yako Emmy je? Emmy ni damu yetu, kwa sababu wewe ni wetu. Na ni damu ya huyu msichana, kwa sababu Khaemba alikuwa mjomba wake. Mtoto mmoja, damu ya pande mbili. Sasa utaniambia hawa wawili hawahusiani?"

Baba mdogo alikuna shingo. Emmy mwenyewe, aliyekuja na mamake, aliangalia viatu vyake kana kwamba amekosea kuzaliwa. Mgeni mmoja alianza kutafuta kofia yake. Peris alimtazama Hesbon, Hesbon akatazama chini, na Peris akahisi miaka mitatu ya mapenzi yao ikipelekwa nje pamoja na kofia ile.

Hapo ndipo Nelima alipofungua kinywa.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sitini na tatu, aliyefanya kazi ya uuguzi Mombasa kwa miaka ishirini na tisa kabla ya kurudi Matulo kulima. Sauti yake haikupanda.

"Mzee wangu, naomba ruhusa. Mimi ndiye senge ya msichana huyu, yaani shangazi, dada ya baba yake. Nikinyamaza mimi, atasemewa na nani?"

Mzee Wabwile hakuwa mtu wa kumkatalia shangazi wa bibi harusi. "Sema."

"Kosa ni la hili neno anti," alisema Nelima. "Watoto wetu wamelichukua shuleni. Mimi wananiita anti. Dada ya mama yao, ambaye ni mama yao mdogo, naye wanamwita anti. Mke wa mjomba, anti. Hata mwenye kuuza mandazi ni anti. Sasa tuyaweke mambo mahali pake. Emmy, mama, simama hapa katikati."

Emmy akasimama.

"Hesbon, kaa upande huu wa Emmy. Nanyama, wewe ni shangazi yake, damu ya baba yake. Kaa karibu naye." Wakasogea. "Peris, kaa upande ule. Khaemba angekuwa hai ningemketisha hapo, maana ndiye mjomba wako, khocha, damu ya mama yako. Nanyama kwako si shangazi. Ni mkaza mjomba, mke wa mjomba wako. Mnaheshimiana, mnapendana, lakini damu hakuna."

"Na Emmy?" alisisitiza mzee.

"Emmy ni binamu ya Hesbon, mtoto wa shangazi yake. Ni binamu ya Peris pia, mtoto wa mjomba wake. Emmy hawezi kuolewa upande huu, wala upande ule. Lakini damu ya Hesbon aliipata kwa mama yake, na ya Peris kwa baba yake. Damu hizo zilikutana kwake yeye. Kabla yake hazikuwa zimekutana. Mzee, wewe mwenyewe una wajomba. Na una shangazi. Je, mjomba wako na shangazi yako ni ndugu?"

"Hapana. Wale ni wa kwa mama, hawa ni wa kwa baba," alisema mzee.

"Na wewe ni damu ya wote."

Taratibu, mzee akaanza kucheka kifuani.

Nelima hakucheka bado. Alijua kazi haijakwisha, maana wakishirikiana hata ukoo mmoja hawangeoana. Akamuuliza Hesbon ukoo wake, ukoo wa mama yake, ukoo wa nyanya mzaa baba na wa nyanya mzaa mama. Kisha akataja za Peris, zote nne, bila kusita hata mara moja, na hapo ndipo Peris alipogundua kwamba yeye mwenyewe angeweza kutaja mbili tu. Wazee wakazihesabu koo kwa vidole. Hakuna ukoo uliokuwa pande zote mbili.

"Basi tuendelee," alisema mzee Wabwile. "Huyu mama ametufundisha. Mimi nilikuwa naenda nyumbani bana."

Nanyama alifuta macho. "Na mimi leo nikae wapi? Hapa ni kwa wakwe zangu, na wale ni wa kwetu."

"Umekuja kama shangazi ya Hesbon," Nelima alimwambia. "Kaa na watu wenu. Ukimaliza, nenda jikoni kwa wifi yako Phelista, hajui hata kama umefika."

Nanyama alipoingia jikoni, kelele za furaha zilisikika hadi barabarani.

Wageni walipoondoka jioni, wakiwa wamekubaliana harusi iwe Desemba, Peris alimkuta Nelima nyuma ya nyumba akiosha sufuria, kama mtu ambaye hakufanya lolote la maana siku hiyo. Alitaka kumshukuru. Akachukua sufuria kutoka mikononi mwake.

"Shangazi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na neno lilikaa vizuri mdomoni. "Nitajie tena zile koo nne. Polepole. Nataka kuzijua zote."

Nelima akavuta kiti, akaketi, akaanza na ukoo wa babake Peris.