Kiti cha Arobaini na Nne

Macho, mpiga picha wa duka la samani, aliiona kasoro Alhamisi saa nne asubuhi.

Alikuwa amepanga picha za viti kwenye kompyuta, mstari mmoja, jinsi wateja wangeviona dukani mtandaoni. Mandhari nyeupe. Mwanga kutoka kushoto, kivuli kulia. Kila kitu kwa kipimo kimoja, ili stuli ya mtoto isifanane kwa ukubwa na kiti cha baba. Lakini kiti cha Jumanne asubuhi kilionyesha kikalio kipana, unaweza kuweka sahani. Kiti cha jana, ndugu yake yule yule wa rangi nyingine, kilionyesha ukingo tu, na kivuli chake kimebanwa kama utepe.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Kamera imezama."

Akaenda kuipima. Lenzi ilitakiwa kuwa sentimita mia moja na kumi kutoka sakafuni. Utepe wa kupimia ulisema mia moja na moja.

Kosa lilikuwa lake, na lilikuwa la mtu anayejua kazi. Kila picha aliisogeza kwenye kompyuta mpaka miguu ya kiti ikae juu ya mstari mmoja. Hivyo kadiri kamera ilivyoshuka kidogo kidogo, na kiti kikapanda kwenye picha, yeye mwenyewe alikuwa akikirudisha chini na kuufukia ushahidi. Akafungua picha ghafi. Msalaba wa utepe wa gundi uliobandikwa sakafuni, alama ya mahali pa kuweka kiti, ulikuwa ukipanda, picha baada ya picha, tangu Jumanne mchana. Samani arobaini na nne.

Kompyuta haingemwokoa. Kivuli unaweza kukichora upya, lakini kikalio ambacho kamera haikukiona, utakitoa wapi?

Na saa sita malori yalikuwa yanazibeba samani zote kwenda kwenye ghala la mbali.

"Mbona umepauka hivyo, dada?" aliuliza Winchi, kiongozi wa wabebaji, aliyepewa jina hilo kwa sababu kabati la milango mitatu alilibeba kama mkoba. "Umeona jini?"

"Afadhali jini, kaka." Akamweleza.

Winchi alikuna kichwa. "Arobaini na nne, tuzirudishe hapa moja moja? Mgongo wangu si wa chuma, ujue."

"Najua. Basi."

Hakuna aliyekuwa amesahau. Mwaka juzi, mpiga picha wa kwanza, mzee aliyemfundisha Macho kila kitu, alisimamishwa hapo hapo kwenye msalaba wa gundi. Kwenye picha yake, kivuli cha meza kilikuwa kimeangukia kushoto. Taa ilihamishwa na mafundi wa umeme, na kila mtu alijua. Mwenye duka aliuliza, "Kuna mwenye la kusema?" Watu tisa wakatazama sakafu. Macho alikuwa wa tisa. Mzee alifukuzwa, akaondoka na kikombe chake cha chai mkononi.

Saa tano kasoro, viatu vya mwenye duka vikasikika.

"Nani kapiga hizi?" Mwenye duka alishika simu mbele ya uso wake. "Mteja niliyemtumia ananiuliza kama nauza viti au vibao! Nani?"

Macho angeweza kumtaja mfagiaji, aseme ndiye aliyeigonga kamera. Mfagiaji hakuwa na wa kumtetea.

"Mimi, bosi. Skrubu ya mguu wa kamera imekwisha meno, inateleza. Sikupima tangu Jumanne, hilo ni langu. Skrubu niliiomba miezi mitatu iliyopita. Ukaniambia nifunge gundi."

Sauti yake mwenyewe ilimtisha kuliko ya bosi.

"Kwa hiyo kosa langu?" Bosi akawageukia wafanyakazi wengine, kama mwaka ule. "Kuna mwenye la kusema?"

Macho akainamisha kichwa, akangoja.

Kitu kizito kilitua mbele yake. Miguu minne ya mbao, juu ya msalaba.

"Cha kwanza hicho," alisema Winchi, akihema. "Na mimi nilikuwepo ukimwambia afunge gundi, bosi. Lori likifika, lingoje. Hatupakii kisichopigwa."

Nyuma yake wabebaji wawili walikuwa tayari wameinua meza. Hakuna aliyetazama sakafu.

Mwenye duka alitazama saa, akatazama lango, akatoka akipiga simu. Hakusema ndiyo. Hakusema "nitakuona kesho," lakini Macho alilisikia.

Alipandisha kamera hadi mia moja na kumi, akajaribu kuikaza. Skrubu iliteleza tena. Winchi akaishika skrubu kwa mkono wake mpana.

"Piga, dada. Nimeishika. Nitaishika mpaka cha arobaini na nne."

Macho alipima tena, kwa woga, kisha akapiga.