Sukari ya Mzee Kondo

Harusi yoyote ya ukoo wa Bi Mwantum haikamiliki mpaka itokee sukari. Si ya chai, hiyo kila nyumba inayo. Ni sukari ya mzee Sufiani, mtani wake. Watu wameshakula pilau, vigelegele vimeshakauka kooni, mara huyo anapenya katikati ya wanawake na kifurushi cha nusu kilo, anakibwaga miguuni pa Bi Mwantum na kupaza sauti:

"Mtani, sukari yenu hii! Turudishieni meli yetu!"

Nyumba nzima hulipuka kwa kicheko. Bi Mwantum naye hucheka, maana mtani hanuniwi. Na sukari huichukua.

Kisa chenyewe hakuna mtoto wa Salale asiyekijua. Vita ya kwanza ya wazungu, manowari ya Wajerumani ilijificha humu mtoni, ndani ya mikoko. Waingereza wakaitafuta wasiione. Ndipo Mzee Kondo, babu yake Bi Mwantum, alipokuwa juu ya dungu lake shambani anaamia mpunga, ndege wasiumalize, akaona boti ya wazungu. Wakamwita. Wakampa ratili mbili za sukari. Akanyoosha kidole. Siku ya tatu meli chini.

Hivyo ndivyo Sufiani anavyokisimulia, na anakisimulia vizuri, mpaka kidole chenyewe unakiona.

Kama utani ungebaki utani, Bi Mwantum angekufa na sukari zake kwa amani. Lakini wilaya iliamua kusimamisha kibao cha chuma pale bandarini, watalii wakija wasome. Meli yenyewe imeshamezwa na tope, kwa hiyo wataoneshwa kibao. Na maneno ya kibao yakabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata ili wananchi watoe maoni. Mjukuu wake Bi Mwantum akayapiga picha kwa simu, akamsomea:

"Hapa ilizama manowari ya Wajerumani, Julai 1915, baada ya mkazi wa eneo hili, Kondo, kuwaonyesha Waingereza ilipojificha."

Bi Mwantum alimwambia arudie. Akarudia. Wazungu wa pande mbili walikuja kupigana kwenye mto usio wa baba zao, wakala mpunga wa watu, wakakamata watu kwenda kubeba mizigo yao. Miaka mia na kitu imepita, na katika kibao kizima jina la mtu mweusi limo moja tu, nalo ni la msaliti!

"Kibao kinachongwa lini?"

"Jumamosi, bibi. Fundi yuko Kibiti."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi asubuhi Bi Mwantum alivaa baibui lake la kwendea msibani, akapanda boti kwenda ofisi ya kata.

Mudrick, afisa utamaduni wa wilaya, alikuwa ameshafika kwa boti na kompyuta yake ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Kijana mpole, ana haraka ya kurudi maji yasije yakamkaukia mtoni. Pembeni yake alikaa Mwalimu Shamsia, binti wa kijiji cha Mtunda anayefundisha historia sekondari, aliyeombwa kuyapitia maneno ya kibao. Na kwenye benchi, kama mjumbe wa wazee, nani tena? Sufiani, kanzu safi, kofia imekaa upande.

"Karibu mtani! Chai hii hapa. Sukari usiulize, najua unayo."

"Leo sikuja kwa utani, Sufiani." Akamgeukia Mudrick. "Mwanangu, jina la babu yangu litoke."

"Shikamoo bibi. Lakini maneno haya tumeyapata kwenu wenyewe. Wazee sita nimewahoji, wote wamesema jambo moja."

"Wazee sita!" Sufiani akainua vidole. "Hesabu hiyo mtani."

Mwalimu Shamsia aligeuzageuza daftari lake. Akauliza kwa upole, "Hao wazee sita, kila mmoja alikisikia kwa nani?"

Mudrick akafungua kompyuta, akasoma kimyakimya, uso ukambadilika kidogo. "Wa kwanza kwa Mzee Sufiani. Wa pili kwa Mzee Sufiani. Wa tatu mpaka wa sita... harusini."

"Harusini kwa nani?"

"Kwa Mzee Sufiani."

"Basi huna wazee sita, kaka. Una mmoja, mwenye sauti kubwa."

Bi Mwantum akapiga kofi pajani. Sufiani hakutikisika. "Mimi kaniambia marehemu baba. Na baba yangu hakuwa mwongo."

"Hatujasema mwongo, mzee. Yeye alizaliwa lini?"

"Ishirini na nne. Cheti kipo."

"Meli imezama kumi na tano. Kwa hiyo naye aliambiwa. Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani?"

"Watu wa zamani, mwalimu! Wewe ulitaka nikuletee na vitambulisho vyao?"

Hata Mudrick alicheka. Shamsia naye akacheka, kisha akarudi pale pale kama mtu anayetoa mwiba. "Mara ya kwanza kumsikia baba akikisimulia, ulikuwa wapi?"

Sufiani akafikiri. Kila mtu anamjua kwa maneno mengi, lakini hajui kudanganya akiulizwa swali dogo. "Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa barazani, kwenye ile kesi ya..." Akakoma.

"Kesi ya nini?" Bi Mwantum akasimama. "Sema! Kesi ya jaruba la mpunga kule Mbuchi! Baba yako na baba yangu! Mkashindwa, mkatoka na kisa cha sukari!"

"Kaa bibi," alisema Shamsia. "Hilo halitoshi. Mtu mwenye ugomvi naye anaweza kusema kweli. Linatuambia tu tukague zaidi."

Bi Mwantum akakaa, hakupenda.

Mwalimu akafungua daftari. Alikuwa amenakili humo alichokisoma kwenye vitabu na kumbukumbu za vita ile, za Waingereza na za Wajerumani wenyewe. Meli iliingia mtoni mwezi wa tisa mwaka wa kumi na nne, injini imeharibika, makaa yamekaribia kwisha. Mwezi wa kumi Waingereza wakakamata makaratasi kwenye meli nyingine kule Lindi. Humo imeandikwa makaa yaliyopelekwa Salale. Mwisho wa mwezi ule ule wakaiona milingoti juu ya mikoko, wakaziba midomo ya mto. Ilipojivuta ndani zaidi, eropleni zikaiona tena kabla mwaka haujaisha.

"Na wenyeji je?" aliuliza Sufiani. "Hakuna mwenyeji aliyeulizwa?"

"Wapo. Walioulizwa pwani mwezi huo wa kumi. Majina hayakuandikwa."

"Ahaa! Kondo huyo!"

"Mzee, wewe ndiye umesema Kondo alikuwa kwenye dungu anaamia mpunga."

"Ndiyo. Kwelea kwelea wamejaa, na kombeo lake mkononi."

Mwalimu akashusha daftari. Alimtazama tu Bi Mwantum, na Bi Mwantum, aliyelima mpunga wa mto huu miaka hamsini, akalidaka jambo hilo hewani.

"Mwezi wa kumi, Sufiani? Mwezi wa kumi unaamia nini, vumbi? Mpunga hata haujapandwa! Ndege wanafukuzwa mwezi wa tano, wa sita!"

"Na mwezi wa sita," Shamsia alimalizia, "Waingereza walikuwa wameshajua meli ilipo kwa miezi zaidi ya saba. Kama walimpa mtu sukari ili awaonyeshe, walinunua wanachokijua."

"Wazungu hao," Sufiani alinong'ona, "wanaweza."

Kicheko kikazuka, kikazima. Sufiani akajikaza tena, maana si mtu wa kushindwa mara moja. "Haya. Tuseme walijua. Kidole kiliwasaidia kulenga."

"Wakilenga kwa kidole, mbona tarehe sita Julai walikuja na manowari bapa kutoka Malta, zinazopita maji haba, wakapiga karibu siku nzima wakaondoka, moja imetobolewa? Mahali walipajua, na meli haikuzama. Mpaka warudi tena, eropleni iko juu inawaambia kombora limeangukia wapi, ndipo tarehe kumi na moja wakaipata. Na hapo Wajerumani wenyewe ndio waliomaliza kuilipua. Mtoe Kondo katika mambo yote hayo, kisha uniambie: meli inapona?"

Nje boti ilisikika ikikohoa.

"Haiponi," alisema Mudrick. Akaanza kufuta.

Bi Mwantum akashusha pumzi. Lakini moyo ukishapata kidogo hutaka kingi. "Basi andika, mwanangu: Kondo hakwenda kwa Waingereza kabisa."

Mwalimu Shamsia akatikisa kichwa. "Hilo siwezi, bibi."

"Huwezi! Si umethibitisha?"

"Nimethibitisha kwamba kidole cha mtu mmoja hakikuzamisha meli. Kama alikutana nao au la, sina wa kuniambia. Nikiandika hakwenda, nitakuwa nimefanya kama Mzee Sufiani, ila kwa upande wako."

Yalimchoma. Alikuwa amepanda boti na baibui la msibani kuja kulichukua jina la babu yake likiwa jeupe, na huyu binti anampa nusu. Alitazama kile kioo cha kompyuta, mahali jina lilipokuwa. Pamebaki peupe. Hapana msaliti, hapana shujaa, hapana Kondo.

"Haya," alisema mwisho. "Mimi nilikuja litoke, nalo limetoka. Babu yangu alikuwa mkulima. Mkulima hana haja ya kibao."

Mudrick akasoma sentensi mpya, ya makaa na mto uliozibwa, manowari bapa na eropleni. Kisha akakuna kichwa: fundi alishapimiwa chuma, na imebaki nafasi ya mistari miwili.

"Waandike wapagazi," alisema Bi Mwantum papo hapo. "Zile boila za meli, mitungi ya chuma ya mvuke, zilikwenda Dar es Salaam kutengenezwa na kurudi. Hazikutembea zenyewe."

"Hilo lipo kwenye kumbukumbu," alisema Shamsia, na kwa mara ya kwanza siku ile aliandika bila kuuliza. "Mamia ya watu walizikokota. Majina hakuna."

"Hakuna? La kwangu lipo!" Sufiani alisimama, kofia ikamrudi katikati ya kichwa. "Babu yangu mzaa baba! Boila ile aliibeba begani, peke yake, kutoka hapa mpaka—"

Bi Mwantum alijimiminia chai. Akatia vijiko vitatu vya sukari, taratibu, akikoroga huku anamtazama.

"Nani kakwambia, mtani?"

"Baba."

"Naye aliambiwa na nani?"