Shilingi Mia Alizoziona Mwalimu Wanzala

Mwalimu Wanzala alikuwa amestaafu miaka sita, lakini jina la Mwalimu hakulistaafisha. Ukimwita Mzee Wanzala, hasikii. Ukimwita Bwana Wanzala, anageuka polepole kama mtu aliyeumwa shingo. Ukimwita Mwalimu, huyo, kashakuja na tabasamu na swali la hesabu mfukoni. Shianda nzima ilimjua hivyo, na nusu ya Shianda alikuwa ameichapa.

Baada ya kustaafu alipata kazi ya kuwafundisha wakulima wa miwa kuweka kumbukumbu za mashamba yao. Waliomwajiri ni chama kimoja cha wakulima chenye ofisi mjini Kakamega. Wakufunzi walikuwa wanne, na mwezi wa kwanza walipoketi kupatana bei, Wanzala ndiye aliyewasemea.

"Hatutaki hadithi za makato," alimwambia mwenyekiti, Simiyu. "Kila mmoja wetu apate elfu thelathini na nane mkononi. Mambo ya kodi mtajuana nayo wenyewe."

Simiyu alikubali. Kazi ya kujuana na kodi ikamwangukia karani wa hesabu, Maurine, binti ya Navalayo wa hapohapo Shianda. Wanzala alikuwa amemfundisha msichana huyo hadi darasa la nane. Malipo ya mkufunzi hukatwa asilimia tano, ofisi inaipeleka KRA, mamlaka ya kodi, na mkufunzi anapewa kilichobaki. Hiyo ndiyo kodi ya zuio. Basi kila mwezi Maurine aliandika vocha, Wanzala akatia sahihi bila kuisoma, pesa zikaingia, na nyumbani ingokho, kuku wa wageni, ikachinjwa.

Mwezi wa kumi aliisoma. Afadhali asingeisoma! Vocha ilisema: malipo 40,000, kodi 2,000, mkononi 38,000. Wanzala akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Asilimia tano ya 38,000 ni 1,900, hata mtoto anajua. Ukijumlisha, inakuwa 39,900. Sasa hii arobaini elfu ilitoka wapi? Shilingi mia zilikuwa zimezidi. Mara wakufunzi wanne, mara miezi kumi: shilingi elfu nne za wakulima.

Mtu mwingine angemwita msichana kando, amuulize. Wanzala hakuuliza. Alikuwa na miaka sita hajamkosoa mtu mbele za watu, na mkono ulikuwa unamwasha. Aliandika barua kurasa mbili kwa mwenyekiti, akaweka jumla chini na kuipigia mistari miwili, akatia sahihi: Mwalimu C. Wanzala. Kisha, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, akawasimulia wenzake wakinywa chai sokoni. Yeye alisema "zimezidi". Kufikia jioni soko lilikuwa linasema "amekula".

Maurine akasimamishwa kazi, angoje kikao. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo huo, na kila mtu alijua kwamba nyumba ya Navalayo, pamoja na karo ya wadogo zake wawili, ilikuwa imeegemea mshahara huo. Siku moja Wanzala alikutana naye penye wauza mboga. Msichana aliinama kidogo, akatoa mikono yote miwili.

"Mulembe, Mwalimu."

"Mulembe," alijibu Wanzala, akapita haraka, akijiambia kwamba haki haina undugu.

Kikao kilikuwa Ijumaa asubuhi, katika ukumbi wa chama. Wajumbe kumi na wawili waliketi, ubao ukaletwa, na chaki. Maurine alikaa peke yake kando, faili mapajani. Yeye ndiye aliyeulizwa kwanza, akatoa risiti za KRA, mwezi baada ya mwezi: elfu mbili kwa kila mkufunzi, zote zimefika.

"Kumbe hakula," alisema Naliaka, mjumbe wa Butali. "Na sisi tumemsema mtoto wa watu huko nje!"

"Kama hakula, amemwaga," alisema Wanzala. Alisikia wazi kwamba shilingi hazijaibiwa, lakini alikuwa keshavaa koti na tai. "Karani asiyejua asilimia tano ya pesa ni ngapi, mtamwachia jasho la wakulima?"

"Mwenyekiti," alisema Maurine, "nilikata asilimia tano ya elfu arobaini."

"Arobaini ilitoka wapi?" Wanzala alifoka. "Nani alipatana arobaini hapa? Tulipatana thelathini na nane!"

Wajumbe wakaguna, kweli, tulipatana thelathini na nane. Simiyu akafunga faili ambalo hakuwa amelielewa tangu mwanzo. "Wacha bingwa atuonyeshe," alisema.

Aa, hapo sasa! Wanzala alikwenda ubaoni kwa hatua za darasani. Akaandika 38,000 kwa tarakimu nene. Akaandika asilimia tano yake, 1,900. Akajumlisha, 39,900, akapiga mistari miwili chini. Wakamshangilia. Yeye akapangusa vidole, akageuka, na uso wake uling'aa kwa raha aliyokuwa ameikosa miaka sita.

Maurine alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwalimu, hakikisha."

Neno hilo lilikuwa lake mwenyewe, Wanzala. Miaka ishirini aliwapigia watoto kelele nalo: ukipata jibu, lirudishe kwenye swali, uone kama linakubali. Maurine alikuwa darasa la saba aliposahau siku moja, akachapwa viboko vinne mbele ya wenzake. Wanzala alikumbuka vizuri, maana hesabu yenyewe ilikuwa ya duka lililopunguza bei, na msichana alikuwa ameongeza asilimia juu ya kile kilichobaki badala ya kutafuta bei ya mwanzo.

"Tahakikisha," alisema, akaanza upesi. Mkufunzi alipwe 39,900. Akatwe asilimia tano. Asilimia tano ya 39,900 ni 1,995. Toa. Inabaki 37,905.

Chaki ikasimama hewani. Haikufika thelathini na nane. Ilipungua shilingi tisini na tano, na zilikuwa zinamtazama kutoka ubaoni. KRA haikati asilimia tano ya kilichobaki, inakata ya jumla. Arobaini ilitoka katika maneno yake mwenyewe, siku aliyosema apewe thelathini na nane mkononi. Mungu wangu, alijiambia, ni mimi.

Hakuna mjumbe aliyeona. Walikuwa wamekwishachoka na tarakimu, na harufu ya mandazi ilikuwa inaingia kutoka nje. Wanzala akachukua kifutio. Akafuta ule mstari wa mwisho, akafuta na 1,995, akaacha ile 39,900 na mistari yake miwili.

"Ni ileile," alisema.

Ndiyo, alisema hivyo. Mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye wajukuu. Akaketi.

Maurine alikuwa amesoma ubao kabla haujafutwa. Alimtazama Wanzala mara moja tu, kisha akainamisha macho. Hakubisha. Wanzala angevumilia hasira. Kile alichokiona kilikuwa kibaya zaidi, msichana alikuwa anamwonea haya, kana kwamba amemkuta mzee wake bila nguo.

Simiyu akasema mkataba hautaongezwa, mwandishi aandike, twende chai. Viti vikakwaruza sakafu. Wanzala alitoka wa kwanza, akapita meza ya mandazi bila kugusa, akasimama kwenye ngazi akitafuta pumzi. Alitaka kwenda zake. Alihesabu hatua hadi lango, thelathini hivi, na baada ya hapo hakuna mtu ambaye angejua kamwe. Mtu mmoja tu.

Huyo mmoja alikuja nyuma yake, amebeba faili na kikombe chake cha ofisini.

"Mwalimu, umesahau miwani yako."

Akampa kwa mikono miwili, vilevile kama siku ile sokoni, akashuka ngazi.

Nasema ukweli, kama angemtukana, Wanzala angekwenda nyumbani akala obusuma, ugali wake, akalala. Ile mikono miwili ndiyo iliyomuua. Machozi yalimjaa, na aliona aibu hata kwa machozi yenyewe, kwa maana aliyestahili kulia hakuwa yeye.

"Maurine," aliita. "Rudi ndani."

"Wamekwishaamua, Mwalimu."

"Rudi, nakuomba."

Aliingia akigongagonga ukuta kwa kiganja kama mtu anayeamsha darasa. Wajumbe walikuwa na vikombe mkononi. Simiyu akauliza kwani kuna nini tena. Wanzala alifuta ubao wote, hata ile mistari miwili aliyoipenda.

"Sikilizeni," alisema. "Jumla ni mia kwa mia. KRA ikitoa tano, zinabaki tisini na tano. Kwa hiyo thelathini na nane elfu ni sehemu tisini na tano. Igawe kwa tisini na tano."

Akaandika: mia nne.

"Mara mia." Akaandika: 40,000. Kisha akahakikisha, kwa sauti, bila kuruka kitu. Asilimia tano ya arobaini elfu ni elfu mbili. Toa elfu mbili. Inabaki thelathini na nane elfu, kamili, bila shilingi kupungua wala kuzidi. "Hesabu ya huyu mtoto ni sahihi tangu mwezi wa kwanza. Ya kwangu ni makosa."

"Basi ulikosea, Mwalimu, ni kawaida," alisema Simiyu, akitaka chai yake.

"Sikukosea tu. Niliona." Wanzala alishika chaki mpaka ikavunjika. "Niliona nikiwa nimesimama hapa, nikafuta. Mlikuwa mnanipigia makofi."

Naliaka aliweka kikombe chini taratibu. Jameni, kuna kimya ambacho heri ungepigwa mawe.

Simiyu akakohoa, akasema uamuzi umefutwa, mkataba utaongezwa, lakini Mwalimu aandike barua ya kufuta ile ya kwanza, sasa hivi, na nakala ibandikwe sokoni Shianda. Wanzala akaketi kwenye meza ya Maurine, akaandika. Aliweka hesabu yote, na neno "nilifuta" hakuliacha. Alipofika mahali pa sahihi, mkono uliandika M kwa mazoea. Akaikata. Akaandika C. Wanzala, basi.

Barua zinazoingia hupigwa muhuri na karani. Maurine aliichukua, lakini hakuupiga mara moja. Alichukua kalamu nyekundu, akaanza juu, akipita kila tarakimu kwa ncha, polepole, akizigawa na kuzirudisha kimoyomoyo. Wanzala alisimama mbele ya meza, mikono nyuma, akingoja, na hakuthubutu kuketi mpaka alipomaliza.