Pampu Iliyoandikwa Jina la Tambwe

Katika atelye ya reli ya Kindu, karakana ya treni, kazi zilikuwa na njia mbili za kumfikia mtu. Ukutani palikuwa na ubao wa misumari, kila msumari na jina la fundi juu yake. Karatasi ya kazi ikitundikwa kwenye msumari wako, imeandikwa jina lako kwa mkono wa kapita Abedi, msimamizi wa mafundi, kazi hiyo ni yako. Ukiugua, itakungoja. Ukipata mtoto, itakungoja. Hakuna wa kukuvua jina hilo ila Abedi mwenyewe.

Chini ya ubao palikuwa na sanduku la bati, la wote. Karatasi za humo hazikuwa na jina. Fundi akimaliza kazi huchukua ya juu, huandika jina lake, huenda nayo mezani. Ikimshinda, hufuta jina, huandika alipofika, huirudisha, na mwingine huichukua. Sanduku halimngoji mtu wala halimuulizi mtu alikolala.

Tambwe alilipenda sanduku. Miezi minane aliishi kwa sanduku peke yake, kwa sababu Abedi alikuwa na sheria moja ya konje, yaani likizo: hatoki mtu Kindu kama msumari wake una karatasi.

Na Tambwe alitaka kutoka. Mke wake Halima, akiwa na mimba, alikwenda Kibombo kumuuguza mama yake, na mama hakupona upesi, na mtoto akazaliwa hukohuko. Ni msichana, jina lake Sharifa. Tambwe hajamwona. Barua ya mwisho ililetwa na Masudi, dereva wa mashini inayovuta treni, imekunjwa ndogo kama hirizi. Halima aliandika: "Mtoto ameanza kuangalia kila mwanaume anayeingia mlangoni. Anamtazama, kisha ananitazama mimi, kama anauliza. Nachoka kumwambia si huyu."

Maneno hayo Tambwe alilala nayo na kuamka nayo. Kila alfajiri, baada ya kuswali, alikaa kidogo kwenye mkeka na kuomba: Mungu, nifungulie njia ya Kibombo.

Mwishowe mkubwa wa atelye akamtilia sahihi konje ya siku tatu, Jumamosi hadi Jumatatu. Treni ingeshuka Kibombo Jumamosi na kurudi Jumatatu. Tambwe akanunua kitambaa cha maua, akakikunja ndani ya kikapu, akahesabu saa.

Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, akakuta karatasi kwenye msumari wake.

Alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Aliona jina lake, herufi kubwa za Abedi, na chini yake maneno "pampu ya hewa". Hakusoma zaidi.

"Kapita iko wapi?" aliuliza.

"Ameitwa kwenye mkutano wa chama," alisema Paulin, fundi wa meza ya jirani, Mnande mwenye maneno mengi. "Leo hatarudi. Wakianza kuimba na kucheza kule, unafikiri watamuachilia muzee mwenye kiuno kizuri vile?"

Wengine wakacheka. Tambwe hakucheka. Pampu yenyewe ilikuwa mezani kwake, nzito, nyeusi kwa mafuta. Aliijua pampu ya namna ile. Marehemu mzee Bakari alimfundisha yeye peke yake namna ya kusugua vali zake kwa unga wa kusagia mpaka zikae bila kupitisha pumzi. Ni kazi ya siku nzima. Na kesho ni Kibombo.

Jioni, mafundi walipokwenda kunawa mikono, Tambwe alitoa karatasi kwenye msumari akaitia katika sanduku la wote. Alijiambia: mtu ataichukua. Watu sita hapa, mikono kumi na miwili. Akaisogeza pampu kwenye meza ya katikati, akatoka, na njiani hakuthubutu kuomba.

Asubuhi yake alikuwa stesheni mapema, kikapu mkononi. Mabehewa yalikuwepo, yamejaa watu na magunia na kuku. Mashini haikuwepo. Jua likapanda. Watoto wakaanza kulia. Kisha akamwona Masudi akija kwa miguu, kofia mkononi.

"Yaya Masudi," alimwita, kama mtu anavyomwita kaka yake, "tunatoka saa ngapi?"

"Kutoka na nini? Mashini haina hewa ya breki. Pampu yake ilifunguliwa jana, iko kwenu kule, imelala juu ya meza kama mbuzi aliyechinjwa akasahauliwa." Masudi akakitazama kikapu. "Si wewe njo ulipewa kazi yake?"

Tambwe alikimbia. Kule atelye, Abedi alikuwa amesimama mbele ya sanduku, karatasi mkononi.

"Mimi niliishika mara mbili leo asubuhi," Paulin alikuwa akijitetea. "Nikaona jina la Tambwe, nikairudisha chini. Karatasi ya jina haishikwi na mwingine, kapita. Nilisema labda imeanguka, mwenyewe atakuja."

"Na mimi vilevile," alisema mwingine.

Abedi alimgeukia Tambwe. Hakupandisha sauti. "Soma mpaka chini."

Tambwe akasoma. Chini ya jina lake na ya pampu, kwa herufi ndogo: *mashini ya Kibombo, Jumamosi. Ukimaliza, panda.*

"Usiku wa jana ungeimaliza," alisema Abedi. "Ningeitia kwenye sanduku, angeichukua yeyote, Paulin angeipiga nyundo siku tatu. Niliandika jina lako maana mikono yako njo ya Bakari iliyobaki. Na maana nilijua hakuna muntu katika Kindu yote anayeitaka treni hii kuliko wewe. Wewe ukaitupa ndani ya bati."

"Nilifikiri ni ya kunizuia, baba."

"Ungeuliza. Ungekuja hata kule kwenye ngoma, ungenivuta shati. Jina lako ningelitoa mimi, kwa sekunde moja, na kuandika la mwingine. Lakini karatasi yenye jina ndani ya sanduku si ya mwenye jina wala si ya wote. Si ya mtu."

Tambwe alivua shati la safari, akavaa la kazi. Siku nzima alisugua vali, akizipima kwa mafuta ya taa: akimimina juu na kutazama kama tone linapita chini. Paulin alimshikia taa bila kuombwa, na kwa mara ya kwanza bila mzaha. Tone halikupita tena jua lilipokuwa linazama. Treni ingetoka Jumapili asubuhi.

"Itarudi Jumanne," Abedi alisema taratibu. "Konje yako inaisha Jumatatu, na aliyeitia sahihi hayuko mpaka Jumatatu. Mimi jina la kazi naweza kulibadilisha, mwanangu. Sahihi yake siwezi."

Jumapili Tambwe alimpa Masudi kikapu.

"Kwa nani?" Masudi akauliza, ingawa alijua.

"Usimpe mtu wa njiani. Usikiache stesheni mtu yeyote apeleke. Halima. Mkononi mwake. Na mtoto akikutazama..."

"Nitamwambia si mimi," alisema Masudi.

Mashini ikapiga honi. Kabla haijavuta, pampu ilianza kupumua ubavuni mwake, tu-fu, tu-fu, bila kukohoa, na breki zikafunguka behewa baada ya behewa. Tambwe alibaki kwenye kokoto. Treni ilipopotea nyuma ya miti bado aliisikia pampu, kisha akadhani anaisikia, kisha akawa anaisikia kifuani tu.

Hapo ndipo alipoweza kuomba tena. Hakuomba njia. Aliomba Mungu alilinde jina la baba kinywani mwa Halima, mtoto asije akachoka kuuliza, mpaka yeye atakapoandikiwa konje nyingine.

Jumatatu kulipokucha alifika atelye wa kwanza. Msumari wake ulikuwa mtupu, kama alivyoutaka kwa miezi minane. Aliutazama muda mrefu kabla ya kuinama kwenye sanduku.