Ngurumo ya Friji

Fundi sauti, mtu wa majigambo, aliwaahidi mama yake na dada zake kwamba mazungumzo aliyorekodi jikoni kwa simu yatasikika kama ya redioni. Akakata sauti za chini kabisa, upepo wa dirishani ukanywea. Akachukua sampuli ya sauti pale friji lilipokuwa likinguruma peke yake, akaipunguza ngurumo hiyo kidogo kidogo, isije ikaondoka na sauti ya mama. Kisha akawachezea wote, akapandisha sauti.

Mama akasikika akisimulia jinsi marehemu baba alivyomposa. Chini yake, karibu na simu, ukajitokeza mnong'ono wa fundi mwenyewe: "Hadithi ileile tena! Atanyamaza lini huyu?"

Dada zake wakainama. Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "lirudishe friji."