Kumi na Saba kwa Thelathini

Sista Linah Chesang alikuwa amewazoea mama wakwe. Katika kliniki ya mama na mtoto pale Kipsongo, pembezoni mwa mji wa Kitale, walimjia wa kila namna: anayelia kuliko mtoto anayechomwa sindano, na anayetaka aelezwe kwa nini mjukuu hana pua ya ukoo. Lakini huyu wa leo alikuwa na jambo jipya. Alikuwa mwalimu mstaafu.

Aliitwa Mwalimu Nekesa, na alikuwa ametoka Bumula kuja kumsaidia Viola, mke wa mwanawe, aliyejifungua wiki sita zilizopita. Viola alipokaa kitini, Mwalimu alivuta kiti chake akakaa ubavuni, mtoto mapajani, miwani puani. Linah alijua angepaswa kumwomba atoke nje. Maswali haya ya kupima huzuni baada ya kujifungua, mama huulizwa akiwa peke yake. Ila foleni ilikuwa imefika langoni, na kumtoa mwalimu darasani si kazi ya dakika moja. Akaanza.

Maswali ni kumi, yote juu ya siku saba zilizopita. Je, mama ameweza kucheka? Amejilaumu bila sababu? Amelia? Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri hadi tatu, na jumla haiwezi kupita thelathini. Linah aliuliza, Viola akatazama sakafu, Mwalimu akajibu. Huyu anacheka sana. Huyu halii, kwao hawalii. Usingizi? Analala kama gunia la mahindi. Pale ambapo Viola aliwahi kufungua mdomo, alipigwa kiwiko kidogo cha upendo, akasema yuko sawa.

Linah akajumlisha. "Alama ni moja," akasema.

Mwalimu akavua miwani. "Moja kwa ngapi?"

"Kwa thelathini."

Chumba kikageuka chumba cha walimu siku ya matokeo. Mwalimu Nekesa alikuwa amefundisha darasa la nane Bumula hadi nywele zikageuka rangi, na hakuwahi kupeleka nyumbani mtoto mwenye alama moja. Aliuliza kama sista amesahihisha vizuri. Akasema msichana huyu alimaliza sekondari na gredi nzuri, ati apate moja, watu wa Chwele alikozaliwa watasema nini. "Si haki, sista. Hii mtihani irudiwe."

Linah aliinamisha kichwa ili asionekane anavyobana kicheko. Kwenye dodoso hili alama ndogo ndiyo habari njema; ikifika kumi na tatu, muuguzi anaacha mzaha na kuketi vizuri. Angeweza kumweleza hapo hapo. Badala yake aliona mlango umefunguka wenyewe, na hakuwa mtu wa kuupita mlango uliofunguka.

Akakubali, kwa uso wa msimamizi wa mitihani, kwamba urudiwe. Ila Mwalimu anajua kanuni: mtahiniwa hakai na mtu. Mwalimu alijua, na kanuni ni kanuni. Akabeba mjukuu kwenda foleni ya chanjo, lakini mlangoni aligeuka kumwambia Viola asome swali mara mbili.

Linah akafunga mlango. Alimweleza Viola kwamba huu si mtihani, hakuna jibu zuri wala baya, na atakayoyasema hayatatoka humo bila ruhusa yake. Akampa karatasi na kalamu, ajaze mwenyewe.

Viola alijaza polepole. Kwenye swali la kulia akasita, akalia, kisha akaweka alama. Linah alimsogezea tishu na hakumharakisha. Jumla ilikuwa kumi na saba.

Swali la mwisho, la mama kuwaza kujidhuru, lilikuwa sifuri. Linah hakuliachia karatasi. Aliuliza kwa mdomo, waziwazi, juu yake na juu ya mtoto. Viola akasema hapana, hajawaza hivyo. Alichowaza ni kutembea tu, apite soko, apite mji, afike mahali ambapo hakuna mtu anayemjua, alale.

Kisha yakaja mengine. Chumba chao ni kimoja. Mtoto akilia usiku, mama mkwe huamka kabla yake na kumfundisha jinsi ya kunyonyesha. Uji ukipoa, anafundishwa. Akikaa kimya, anaulizwa kwa nini. "Yeye si mbaya, sista," akasema. "Ananipenda. Lakini nikiwa na yeye nasikia kama mimi ndio mtoto."

Linah alimwambia kwamba alama haziwi ugonjwa zenyewe, zinasema tu mtu achunguzwe zaidi. Kwamba huzuni hii huwapata akina mama wengi na hutibika. Wakapanga pamoja. Mchana huo huo angemwona Kipkorir, afisa wa kliniki, apimwe na damu pia. Kila wiki wangeketi kuzungumza, na baada ya wiki mbili maswali yangerudiwa. Wazo baya likija, aje saa yoyote au apige simu, asingoje tarehe. Usiku mtu mwingine amshike mtoto akishanyonya, yeye alale. Nani? Viola akajibu haraka, mara ya kwanza asubuhi ile: mama yangu.

Linah akaandika: mama mzazi aje akae naye. Viola akacheka huku machozi hayajakauka. Sista ni mtu wa Mlima Elgon, hajui. Kwa Wabukusu, kabila lao, mama hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake, hata kukutana naye mlangoni ni aibu. Linah akafuta, akaona haya kidogo. Kumbe ndiyo maana aliyekuja ni huyu mwingine.

Viola akataka Mwalimu aambiwe yote. Aliporudi na mjukuu anayekoroma, swali lake lilikuwa tayari. Viola akajibu mwenyewe: kumi na saba.

"Umeona?" Mwalimu akang'aa. "Ukitulia unaweza."

"Mama, hapa ukipata nyingi ndio umelemewa."

Linah akamweleza lililobaki, kwa upole, hadi kwenye mama wa Chwele na lile paa. Uso wa Mwalimu ulizeeka mbele yao. Alikuwa ameleta nguvu zake zote Kitale, na iliuma kujua zimemkalia mtu kifuani. Lakini hakuwa mtu wa kuona swali gumu akaliruka.

"Khisa atalala kwa posho mill, huko kazini kwake anakosaga unga," akasema juu ya mwanawe. "Akihama, mama yako anaingia. Hiyo si shida." Kisha akamgeukia Viola, na sauti haikuwa ya darasani tena. "Na mimi? Unataka nirudi Bumula?"

Linah aliacha kuandika. Alitamani Viola asiseme yuko sawa, alitamani sana. Viola alimtazama mtoto, akamtazama mama mkwe.

"Ndio, mama," akasema. "Kwa sasa, ndio."

Mwalimu alitoa leso akafuta macho bila kujificha. Halafu akamwambia sista aandike vile alivyosikia, asipunguze.

Linah akaandika: alama ya kwanza isitumike, mama hakujibu mwenyewe. Alama ya pili, kumi na saba. Mume atalala kazini, mama mzazi aje, mama mkwe arudi nyumbani kwa sasa. Na chini yake, ingawa dodoso halikuwa na nafasi ya maneno hayo, akaongeza: ameomba mwenyewe.