Msasa wa Shemeji

Katika ukoo wao, mhariri aliitwa Nukta, na jina hilo hakujipa. Alipewa na wajomba siku aliposahihisha tangazo la msiba wakati wenyewe bado wanalia. Tangu hapo kila mwenye karatasi alimletea. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, hotuba za kustaafu, vyote vilipita mezani kwake, na malipo yalikuwa "Mungu akuzidishie." Mungu alikuwa hajazidisha. Mwenye nyumba naye hakupokea dua.

Kwa hiyo shemeji yake, mume wa dada yake, alipotaka broshua ya karakana yake ya samani isafishwe kabla ya kuchapishwa upya, Nukta aliapa moyoni: huyu atakuwa ndugu wa kwanza kutia sahihi kabla ya kazi kuanza. Akimshinda huyu, ukoo mzima utakuwa umesikia. Akishindwa, basi atahariri kadi za harusi mpaka aingie kaburini, na huko nako wataomba amalizie maandishi ya jiwe.

Alikaa mezani akaandika waraka wa kazi na bei, kama anavyowaandikia wateja wa mjini. Alitaja kurasa zote za broshua, hesabu ya maneno yaliyomo, tarehe ya kurudisha, bei ya kazi nzima, nusu itangulie. Akaahidi pia kwamba mteja akishasoma na kutoa maoni, atairekebisha tena, mara moja tu, bila nyongeza ya bei. Mwishoni mwa waraka wake huwa kuna aya inaitwa "Yasiyomo": sitaandika maandishi mapya, sitapanga picha, sitahakiki vipimo. Akaitazama aya ile. Kumwandikia shemeji "sita, sita, sita" aliona ni kama kumpeleka mahakamani. Akaifuta. Badala yake, ili kumfurahisha seremala, akaandika kwa mbwembwe: "Kwa ufupi, shemeji, nitaipiga msasa broshua yako."

Neno moja tu, na ndilo lililomtia kitanzini.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti, mashine ya kupasulia mbao ikinguruma nyuma yake. "Shemeji, nimekubali! Msasa sawasawa. Nimekutumia picha za makabati mapya na za viti vya ofisi, hizo utaziandikia kurasa zake. Na pale pa historia ya karakana pana pengo, utapaziba."

Nukta akapiga simu. "Shemeji, kuandika kurasa mpya si msasa."

"Kwako labda. Hapa kwangu mpiga msasa ndiye anayeziba matundu kwa puti, ndiye anayepaka vanishi. Kazi haitoki mikononi mwake mpaka ing'ae. Umeandika mwenyewe, sikukushikia kalamu."

Hakuwa hata amekata simu vizuri, dada mtu akapiga. "We Nukta, unamtoza mume wangu hadi kwa neno? Akikutengenezea kitanda, atakuhesabia misumari?"

"Alinitengenezea, dada. Na misumari alinihesabia."

Dada akashusha sauti. "Hiyo mimi sikuambiwa. Njoo tuongee."

Alikwenda karakana. Vumbi la mbao lilikuwa limetanda kila mahali, hata kwenye kope za shemeji, ambaye alikuwa ameketi juu ya kiunzi cha meza ambayo haijapata uso. Dada alikuwa kwenye kiofisi cha pembeni, mlango wazi, akikata risiti huku sikio lote likiwa nje.

"Karibu, mwanamke wa msasa," shemeji akamchokoza. "Umekuja kupaka vanishi?"

"Nimekuja kuuliza. Mteja akikuletea meza ya miguu mitatu, akakwambia uipige msasa tu, utafanyaje?"

"Nitamwekea mguu."

"Bure?"

"Wee! Mguu una bei yake." Kule ofisini dada akakohoa kikohozi kisicho na mafua.

"Sikulaumu," Nukta akasema. "Kosa ni langu. Nimechukua neno la karakana yako bila kujua ukubwa wake, na ile aya ya yasiyomo nikaifuta kwa kukuonea haya. Nipe waraka niuandike kama ulivyostahili."

Shemeji akachomoa penseli sikioni, akampa. Nukta akaikata ile sentensi ya msasa, na pembeni akaandika kwa maneno makavu: kusahihisha tahajia, kuweka alama za uandishi, kunyoosha sentensi zilizopinda, kuhakikisha neno moja linaandikwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chini yake akarudisha yasiyomo. Kurasa mpya zikiletwa, zitahesabiwa maneno na kutozwa kwa kiwango kilekile.

Shemeji akasoma, kidole kikifuata mistari. Akacheka. "Kumbe ndo hivyo tu! Koma na nukta? Basi bei nayo ishuke. Kwa msasa nilikuwa tayari kulipa. Kwa koma silipi hivi."

Hapo Nukta aliona maji yamefika shingoni. Kusema wazi kumeifanya kazi ionekane ndogo. Alikuwa na njia ya kuteremsha bei, dada yake angefurahi, shemeji angefurahi, na kesho wajomba wangepanga foleni mlangoni. Akaichukua broshua ya zamani juu ya benchi, akaipangusa vumbi.

"Nikusomee uliyochapisha mwaka juzi?"

"Soma. Niliiandika mwenyewe."

Akasoma kwa sauti, polepole, bila kuongeza wala kupunguza: "'Kila kabati lina milango miwili, droo imara na mke wangu anayepokea malipo.'"

Kule ofisini risiti zilikoma. Halafu dada akaangua kicheko, akatoka nje ameshika ubavu. "Mimi? Ndani ya kila kabati? Ndiyo maana yule mzee wa benki aliniuliza kama nauzwa pamoja na rafu!"

"Lakini kila mtu alielewa," shemeji akasema, masikio yakimwiva.

"Walielewa, shemeji, na wakacheka. Mteja anayecheka kwenye maelezo ya kabati hana hakika na bawaba zake." Akaichukua penseli. Baada ya "droo imara" akaweka nukta. Akakata "na," akaanza sentensi mpya: "Malipo yanapokelewa ofisini na mke wangu." Akamgeuzia. "Hii ndiyo koma na nukta. Ziko nyingi humu. Ukurasa wa vitanda sitausoma mbele ya watu."

Shemeji akaufungua ukurasa wa vitanda mwenyewe. Akasoma. Akamtazama mkewe, akaufunga haraka.

"Bei ibaki," akasema. "Ila kurasa za makabati mapya nitaziandika mimi. Sitalipia mdomo wa mtu mwingine."

"Ziandike. Nitazihesabu."

Akatia sahihi, akabana karatasi kwa kipande cha mbao isipeperuke, na dada akaenda kuleta ile nusu inayotangulia huku akinung'unika kwamba ukoo huu sasa una wanasheria.

Nukta alikuwa bado anaikunja nakala yake simu ilipolia. Ni binamu. Binti yake anaolewa, kuna kadi ndogo tu, aipitishie jicho.

Kabla hajajibu, dada akamnyang'anya simu. "Ataipitia. Lakini kwanza atakuletea karatasi, usome, utie sahihi. Usinikaripie, binamu. Hata mume wangu ametia."